Kabla Hujampigia Fundi, Iulize Mashine

Mashine ya risiti ikinyamaza mbele ya foleni ya wateja, ondoa mkono kwenye swichi ya kompyuta. Ondoa mkono kwenye simu pia. Fundi atafika kwa saa yake na atadai nauli yake, na mara nyingi atakachofanya ni kurudisha waya kwenye tundu lake. Kazi hiyo unaiweza. Unaiweza leo, hapo hapo kaunta, bila bisibisi na bila cheti cha mtu yeyote.

Siri ya mafundi wote wazuri ni moja: hawakisii. Wanaligawa tatizo. Kati ya kidole cha muuzaji na karatasi ya risiti kuna vitu vitatu tu, yaani mashine yenyewe, waya unaoiunganisha, na kompyuta inayoiamuru. Ukijua ni kipi kimegoma, nusu ya kazi imekwisha. Anza na mashine, maana ndiyo inayolaumiwa kuliko wote na ndiyo inayokosea mara chache kuliko unavyodhani.

Izime. Bonyeza kitufe cha kusogeza karatasi, kile kilichoandikwa FEED, usikiachie. Huku umekibonyeza, iwashe. Subiri sekunde chache hadi ianze kuchapa, kisha achia. Mashine nyingi za kaunta, za Kijapani na za Kichina, zitatoa karatasi ndefu yenye jina la modeli, aina ya muunganisho na mistari ya herufi za majaribio. Kipande hicho cha karatasi ndicho ushahidi wako. Kikitoka kikiwa na maandishi safi, basi mashine ni nzima: kichwa cha kuchapia kinafanya kazi, injini inavuta karatasi, umeme unatosha. Mtu akikuambia ununue nyingine, mwonyeshe karatasi hiyo. Ubovu, kama upo, mara nyingi uko kwenye waya au kwenye kompyuta.

Lijaribu hili sasa hivi, wakati mashine bado inafanya kazi. Ukilifanya kwa mara ya kwanza huku wateja sita wamesimama, mikono itatetemeka.

Karatasi ya majaribio isipotoka, au ikitoka nyeupe tupu, usikate tamaa. Karatasi nyeupe inayosogea vizuri bila neno hata moja karibu kila mara ina maana moja: rola imegeuzwa. Mashine hizi hazina wino. Karatasi imepakwa dawa upande mmoja, na kichwa cha kuchapia huichoma kwa joto hadi iwe nyeusi. Upande wa pili hauna dawa, kwa hiyo joto linapita bure. Chukua kipande, kikwaruze kwa ukucha kwa nguvu. Upande utakaoacha mstari mweusi ndio unaotakiwa kukielekea kichwa. Kijana aliyebadilisha rola kwa haraka alasiri hii hakuharibu kitu. Mgeuzie tu, na umfundishe ukucha.

Maandishi yakiwa yamefifia upande mmoja, au mstari mweupe ukikata risiti nzima kutoka juu hadi chini, kichwa ni kichafu. Vumbi la karatasi, unga, na gundi ya mwisho wa rola hujikusanya pale. Zima, chomoa umeme, na usubiri kidogo kwa sababu kichwa huwa cha moto. Fungua kifuniko utafute ukanda mwembamba unaong'aa, wenye urefu kama upana wa karatasi. Chovya pamba ya masikio kwenye alkoholi ya isopropili, ile ile mafundi simu wanayosafishia bodi, kisha pitisha taratibu kwa kuelekea upande mmoja. Usitumie kisu, usitumie msasa, na usiuguse ukanda kwa vidole vyenye mafuta. Iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Nukta za kichwa hicho ni ndogo mno: katika mashine nyingi kuna 8 katika kila milimita moja, kwa hiyo hata punje ya uchafu inatosha kuchora mstari. Mstari ukibaki pale pale baada ya kusafisha mara mbili, nukta zimekufa, na hapo ndipo fundi anapostahili simu yako.

Kuna wakati hakuna taa kabisa. Kagua soketi kwa kuchomeka chaja ya simu. Kagua ekstensheni. Kisha shika adapta uangalie taa yake ndogo. Hapa ninakusihi kwa moyo wote, usiazime adapta ya king'amuzi kwa sababu plagi imeingia. Mashine nyingi za karatasi ya milimita 80 zinataka volti 24, na adapta nyingi za ving'amuzi hutoa 12. Taa inaweza kuwaka na uchapaji ukakataa, nawe ukashinda siku nzima ukitafuta ubovu mwingine. Ukifanya kinyume chake, volti 24 ndani ya kimashine kidogo cha volti 12, unaweza kukiunguza. Maandishi yapo chini ya mashine na juu ya adapta. Yasome yafanane.

Taa ya kosa ikipepesa, kwanza fungua kifuniko na ukifunge tena kwa kubonyeza pande zote mbili hadi usikie kimeshika. Kifuniko kilichoshika upande mmoja kinatosha kuigomesha mashine nzima. Kama karatasi imenaswa kwenye kisu cha kukatia, usiivute. Zima, na utafute kigurudumu kidogo karibu na kisu, mara nyingi chini ya kifuniko cha mbele. Kizungushe polepole hadi kisu kirudi ndani, halafu karatasi itatoka yenyewe.

Lakini ushindi mkubwa wa mwenye duka hauko hapo. Uko pale ambapo karatasi ya majaribio imetoka safi kabisa na bado programu ya mauzo haichapi. Hapo ndipo watu wanapotozwa pesa nyingi kwa kazi ndogo. Chukua duka la vyakula na sabuni, asubuhi, kaunta imetoka kufutwa na sakafu imepigwa deki. Mteja wa kwanza analipa, kijana anabonyeza, kimya.

“Mama, mashine imekufa.”

“Imekufa au imenyamaza? Taa inawaka?”

“Inawaka, ya kijani. Nimebonyeza mara kumi.”

“Acha kubonyeza, baba. Ifanyie ile ya FEED.”

Karatasi inatoka, nyeusi na safi. Basi mashine imejitetea. Mama anainama nyuma ya kompyuta na kukuta waya wa USB umechomekwa. Umechomekwa, ndiyo, lakini kwenye tundu jingine. Aliyefuta vumbi aliuchomoa, akaurudisha palipokuwa karibu. Kwa macho ya mtu hakuna tofauti. Kwa Windows tofauti ni kubwa: inaweza kudhani umeleta mashine mpya, ikaiandikisha kwa jina jipya, na ile ya zamani ikabaki kwenye orodha kama marehemu.

Mama anafungua Settings, anaingia Bluetooth & devices, kisha Printers & scanners. Anaona majina mawili: POS-80, na chini yake POS-80 (Copy 1). La kwanza limeandikwa Offline. Programu ya mauzo bado inatuma risiti kwa lile la kwanza, na tundu lile halina mtu. Njia ya haraka ni kurudisha waya kwenye tundu lake la jana, na jina la zamani litafufuka. Njia ya pili ni kuingia kwenye mipangilio ya programu ya mauzo na kuchagua lile jina jipya. Mama anachagua ya kwanza kwa sababu wateja wanasubiri, na ni uamuzi sahihi.

Ila kuna jambo moja analifanya kabla ya kurudisha waya, na hapa ndipo unapomjua mtu aliyekomaa kwenye kazi yake. Anafungua foleni ya uchapaji ya lile jina la zamani. Risiti za mibonyezo kumi ya kijana zote zimo humo, zinasubiri. Angerudisha waya kwanza, risiti kumi za mteja mmoja zingetoka mfululizo, na mahesabu ya jioni yangekuwa na maswali. Anazifuta, anarudisha waya, anachapa risiti moja tu. Imetoka. Hakuna aliyeitwa, hakuna kilichonunuliwa.

Ukiwa ndani ya foleni hiyo hiyo, ikiwa ina menyu ya Printer, ibonyeze uangalie kama kuna alama ya tiki kwenye Pause Printing au Use Printer Offline. Ikiwepo, iondoe. Na kuna mtego mwingine kwenye ukurasa ule wa Printers & scanners: swichi iitwayo Let Windows manage my default printer. Ikiwa imewashwa, Windows huifanya mashine uliyoitumia mwisho kuwa ndiyo kuu. Mtu akichapa barua moja jioni kwenye printa kubwa ya ofisini, kesho yake risiti zinaweza kwenda kwenye printa hiyo ya chumba cha pili huku wewe kaunta unasubiri. Izime swichi hiyo, kisha chagua mashine ya risiti na ubonyeze Set as default. Hiyo ni dakika moja ya kazi.

Zipo siku foleni yenyewe inaganda: unafuta risiti, inaandika Deleting, na haiondoki. Hapo iondoe kwa nguvu. Tafuta Command Prompt, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, chagua Run as administrator, kisha andika mistari hii mitatu, mmoja mmoja:

```
net stop spooler
del /Q "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"
net start spooler
```

Wa kwanza unamsimamisha mtumishi wa Windows anayegawa kazi za kuchapa. Wa pili unafagia kazi zilizoganda, na wa tatu unamwamsha tena. Nakili mstari wa pili kwa uangalifu, herufi kwa herufi, maana unafuta mafaili na hutaki ufute ya mahali pengine. Fahamu pia kuwa unafuta kazi za printa zote za kompyuta hiyo, si za mashine ya risiti peke yake. Mauzo yako hayaguswi. Yamo ndani ya programu, na risiti unaweza kuichapa upya.

Neno moja kwa ndugu zangu wa Tanzania kuhusu mashine ya kodi, ile ya EFD. Hayo ya kurekebisha kompyuta na kusafisha kichwa ni ya printa ya kawaida ya kaunta. EFD ina lakiri, nawe huruhusiwi kuifungua. Badilisha karatasi, kagua chaji, kagua mtandao, basi. Ikibaki imegoma, mjulishe aliyekuuzia na ofisi ya TRA mapema, tena kwa namna itakayobaki kwenye kumbukumbu.

Sasa geukia skana. Nayo inaonewa sana.

Watu wengi wanadhani skana inajua bidhaa zako na bei zako. Haijui. Skana ya kawaida ya waya ni kibodi. Inasoma mistari myeusi, inaigeuza kuwa tarakimu, na kuzichapa kwenye kompyuta kwa kasi, kana kwamba kuna mtu anaandika, halafu inabonyeza Enter. Ukilielewa hilo, mtihani wake unakuwa mwepesi mno. Fungua Notepad, bonyeza ndani ya ukurasa mweupe, kisha soma msimbopau wa kitu kilichochapwa vizuri, tuseme chupa mpya ya maji. Tarakimu zikitokea na kishale kikashuka mstari wa chini, skana ni nzima kabisa. Weka mezani, usiiguse tena. Tatizo liko kwenye programu: ama kishale hakikuwa ndani ya kisanduku cha kutafutia bidhaa, ama bidhaa hiyo haijasajiliwa.

Kama tarakimu zimetokea lakini kishale hakikushuka, yaani kwenye programu namba inakaa tu hadi ubonyeze Enter kwa mkono, skana imepoteza agizo lake la mwisho. Hutokea mtu anapochezea kijitabu chake na kusoma moja ya misimbo ya mipangilio iliyomo. Dawa imo humo humo: tafuta msimbo wa kuongeza Enter, mara nyingi umeandikwa CR au Enter, uusome mara moja. Ukiona kishawishi cha kusoma Factory Default, tulia kwanza. Kwenye baadhi ya skana agizo hilo litaifuta pia Enter, na utakuwa umejitengenezea kazi ya pili. Kijitabu kikipotea, pakua cha modeli yako na ukichape kwenye karatasi, kwa sababu skana za leza hazisomi vizuri kwenye kioo cha simu.

Kama badala ya tarakimu zinatokea alama za ajabu, kitu kama &é"', skana haijapata wazimu. Lugha ya kibodi kwenye kompyuta imegeuka kuwa ya Kifaransa, ambako vitufe vya juu hutoa alama hizo kwanza. Wenye maduka wa Bujumbura na Lubumbashi huenda wamekutana na hili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Space, chagua mpangilio wa kibodi unaolingana na ule wa skana, kisha rudia mtihani wa Notepad.

Taa ikiwaka na mlio usitoke, ijaribu kwa bidhaa mbili tofauti kabla ya kuihukumu. Pakiti iliyokunjamana au iliyoloa inaweza kuinyamazisha, na ukimya huo ni uaminifu. Msimbo wa kawaida wa bidhaa una tarakimu 13, na ya mwisho ni ya ukaguzi: skana hupiga hesabu kwa zile 12 za mwanzo, na jibu lisipolingana na ya 13, hukataa kutoa namba. Heri ikatae kuliko kumtoza mteja bei ya kitu kingine. Andika tarakimu hizo kwa mkono, uza, endelea. Ikikataa hata chupa mpya, futa kioo chake cha mbele kwa kitambaa laini kikavu. Alama ya kidole chenye mafuta ya kupikia inatosha kuipofusha.

Na taa isipowaka hata ukibonyeza, usianzie kwenye kompyuta. Anzia mkononi mwako. Waya huingia kwenye mpini wa skana kwa plagi ndogo yenye ulimi wa kujifungia, kama ya simu za mezani, na kwa kuvutwa kutwa nzima hulegea hapo. Isukume ndani hadi ilie. Kisha hamisha upande wa pili moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta, si kwenye kigawanyishi cha USB kilichobeba kipanya, kibodi na chaja ya simu ya mtu. Ikiwaka hapo, kigawanyishi ndicho kilichokuwa kikiinyima umeme. Skana isiyo na waya nayo ichajiwe kwanza, kabla ya maneno yoyote.

Yapo yasiyo yako, na kuyajua ni sehemu ya ujasiri. Harufu ya kuungua, maji au soda iliyomwagika ndani, mashine isiyowaka ingawa soketi na adapta ni nzima, karatasi ya majaribio iliyokataa ingawa rola imewekwa sawa na kifuniko kimefungwa. Hapo chomoa umeme na umpigie fundi. Lakini utampigia kama mtu anayejua: “Fundi, karatasi ya majaribio haitoki, adapta ni ya volti 24 na taa yake inawaka, rola nimeikagua.” Fundi aliyesikia hivyo anakuja na kifaa sahihi mkononi, na hawezi kukuuzia hadithi.

Usiku huu, ukishafunga hesabu na kabla hujashusha mlango, fanya mambo matatu. Chapa karatasi ya majaribio uihifadhi ndani ya droo, mbali na joto ili isifutike. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye plagi ya USB ya mashine ya risiti, na alama kama hiyo pembeni ya tundu lake. Kisha mwite kijana wako wa kaunta, mpe skana, mfungulie Notepad, na umwache afanye mtihani mwenyewe hadi aweze bila wewe kusimama nyuma yake.

Kesho asubuhi mwachie kaunta.